Aliyekuja mwisho kaingia mwanzo: maswali yenu kuhusu triaji

*Nimefika kasualti saa 3 asubuhi na kaka yangu kajikata kidole kwa panga. Saa 4 na nusu kaletwa kijana kaanguka mkarafuu, kapitishwa moja kwa moja. Kaka yangu kashonwa saa 7. Hii si kujuana? (Msomaji, Wete)*

Siku hiyo sikuwapo zamu, lakini vijana walioanguka mikarafuu nimewapokea wengi, kila msimu wa kuchuma. Nitakuonesha tunavyowahesabu, kisha uamue mwenyewe.

Triaji ni neno lililotokana na Kifaransa, na maana yake ni kuchambua. Ukikaa jioni barazani kutenga karafuu na makonyo, unafanya kitu cha namna hiyo: mkono unapita haraka juu ya kila kikonyo na uamuzi unatoka papo hapo. Mlangoni kwetu muuguzi anamchambua mgonjwa kwa dakika chache. Kwanza anaangalia kama anapumua vizuri, kama anamwaga damu na kama ana fahamu. Halafu anapima. Vipimo hutofautiana baina ya hospitali na hospitali. Nitatumia mfumo uliotengenezwa Afrika Kusini, unaotumika nchi nyingi za bara hili. Kila kipimo kina alama zake, alama zinajumlishwa, na jumla inatoa rangi. Jumla ya 7 au zaidi ni nyekundu, mgonjwa anaonwa papo hapo. Alama 5 na 6 ni rangi ya chungwa, lengo ni ndani ya dakika 10. Alama 3 na 4 ni njano, ndani ya saa moja. Chini ya hapo ni kijani, na anaweza kusubiri hata saa nne.

Sasa tuseme kijana wako kaletwa hivi. Kaparaga mkarafuu, tawi limevunjika, kaangukia ubavu wa kushoto. Kalazwa kwenye machela, hawezi kusimama: alama 2. Anapumua mara 26 kwa dakika: alama 2. Moyo unapiga mara 124: alama 2. Presha ya juu ni 96: alama 1. Joto la mwili ni la kawaida na anajibu vizuri: hakuna alama. Kaumia: alama 1. Jumla 8. Huyu ni mwekundu, ingawa ukimuuliza atakwambia, "Sijambo, ubavu tu unauma kidogo."

Chini ya mbavu za kushoto kuna wengu. Ukipasuka, damu inamwagika ndani ya tumbo bila hata tone kuonekana nje. Mwili wa kijana una nguvu ya kuficha. Mishipa inajikaza, moyo unaongeza kasi, na presha inashikilia karibu na kawaida mpaka kapoteza kiasi cha theluthi moja ya damu yake. Mtu mzima ana damu kama lita 5, kwa hiyo huyu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja na bado akazungumza nawe. Ukifika wakati presha inaporomoka, muda umebaki mdogo sana. Ndiyo maana tunahesabu mapigo na pumzi wakati presha bado inatudanganya.

Kaka yako je? Kaja kwa miguu yake: 0. Anapumua mara 18: alama 1. Mapigo 98, presha nzuri, joto zuri, akili timamu: vyote 0. Kaumia: 1. Jumla 2. Kwa hesabu peke yake ni kijani. Lakini hesabu haisimami peke yake. Jeraha linalotoka damu, hata likiwa limeshazuiwa kwa bendeji, linampandisha hadi njano. Na kama ncha ya kidole ilikuwa baridi, nyeupe au haihisi kuguswa, anapanda tena hadi chungwa, kwa sababu kidole kinaweza kupotea.

Kwa hiyo kijana wa mkarafuu kutangulia hakukuwa na kosa lolote. Kusubiri kwa kaka yako mpaka saa 7 ni jambo jingine. Njano lengo lake ni saa moja, na yeye kasubiri saa nne. Mara nyingi hutokea pale daktari mmoja anapokuwa amezama kwa mwekundu na hakuna wa kumpokea kazi. Sababu naielewa, lakini lengo halikutimizwa. Alistahili angalau kupimwa upya katikati na kuambiwa kwa nini anasubiri.

*Mama yangu alikuwa akilia kwa maumivu ya mgongo, tukaambiwa tukae. Bibi mmoja kaja baada yetu, kakaa kimya, wala halii, kachukuliwa. Anayelia si ndiye anayeumwa zaidi? (Binti, Chake Chake)*

Maumivu tunayahesabu. Maumivu makali mno yanampandisha mtu hadi chungwa hata kama vipimo vyake vyote ni vizuri, na ukiona mama anajikunja, mwambie muuguzi apimwe maumivu upya na apewe dawa akiwa bado anasubiri. Hilo ni haki yake.

Lakini kilio kinatuambia mambo mengine pia. Anayelia kwa sauti njia yake ya hewa iko wazi, pumzi inamtosha na ubongo unapata damu. Aliyenyamaza hatuna hata moja kati ya hayo mpaka tumpime.

Nitakueleza kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, hospitali niliyokuwa nikifanya, alikuja bibi wa makamo ya miaka 70, mgonjwa wa sukari wa muda mrefu. Aliniambia, "Mwanangu, nna kiungulia tu, na nimechoka." Mapigo yake yalikuwa 96, presha nzuri. Nikampa kijani, akakaa benchi la mwisho ukutani. Baada ya kama nusu saa binti yake alinishika mkono, hakusema neno, akanivuta tu. Nilipomgusa bibi begani, kanga yake ilikuwa imelowa jasho, na hapo feni ilikuwa ikipuliza juu yake. Jasho la baridi. Kipimo cha umeme wa moyo kilionesha mshituko wa moyo unaoendelea.

Mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, neva zake zimeharibika kiasi kwamba moyo unaweza kufa bila kifua kuuma. Anasikia uchovu, kiungulia, au pumzi fupi, basi. Wanawake na wazee huwa hivyo mara nyingi zaidi. Nilihesabu alama zangu sawasawa na bado nilikosea, kwa sababu sikumgusa ngozi na sikumuuliza zaidi kuhusu hicho kiungulia. Alinusurika. Tangu hapo mzee mwenye sukari akija na malalamiko madogo madogo, ninamgusa mkono kabla sijaandika chochote, ninapima sukari kwa tone la damu ya kidole, na ninaomba kipimo cha moyo mapema. Huenda bibi uliyemuona wewe alikuwa wa namna hiyo.

*Nikija kwa gari la wagonjwa nitaonwa kabla ya aliyekuja kwa daladala? (Mkoani)*

Hapana. Mlangoni wote wanapimwa sawa. Faida ya gari la wagonjwa ni huduma ya njiani, na kwamba wahudumu wanaweza kupiga simu mapema ili kitanda na oksijeni viwe tayari.

*Mwanangu wa miezi 7 anaharisha na kutapika tangu jana. Nikifika nikae foleni kama watu wengine? (Mama, Micheweni)*

Usikae kabla muuguzi hajamuona. Mtoto hapimwi kwa alama za mtu mzima, maana moyo wa mtoto wa miezi 7 kupiga mara 130 ni kawaida yake. Tunaangalia dalili.

Mpeleke mbele moja kwa moja, na useme kwa sauti, ikiwa amelegea na haamki vizuri, ana degedege, anahema kwa shida mpaka kifua kinaingia ndani, au mikono na miguu imekuwa baridi. Sisi tunabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, tukaachia: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haimfikii vya kutosha. Kwa anayeharisha tunafinya pia ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ikikaa kama mkunjo zaidi ya sekunde 2, na macho yameingia ndani, na hanyonyi au hanywi, huyo kakaukiwa sana. Anahitaji maji ya mshipa sasa hivi, na hapo hatuangalii nani kaja mwanzo.

Kama bado yuko macho na ananyonya, endelea kumnyonyesha na kumpa maji ya ORS kijiko kimoja kimoja hapo hapo benchi, hata akitapika. Ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Mtoto wa chini ya miezi 2 anatangulizwa hata bila dalili hizo, kwa sababu hali yake hugeuka haraka na dalili zake ni chache.

*Nikisubiri na mgonjwa wangu akabadilika, nifanye nini? Na je, naweza kumpa chai? (Ami wa Kengeja)*

Ami, rangi uliyopewa ni ya saa ile tu uliyopimwa. Kijani anaweza kuwa mwekundu baada ya nusu saa. Sisi tunatakiwa kuwapitia wanaosubiri na kuwapima upya, lakini zamu ikizidi, wewe uliyekaa naye unaona kabla yetu.

Inuka ukiona amekuwa mzito wa kujibu au anachanganya maneno, anahema haraka kuliko alipokuja, amepauka midomo au anatoka jasho la baridi, bendeji imelowa tena, au maumivu ya tumbo yamesambaa na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Usiseme "tumekaa sana", kwani kila mtu kakaa sana na muuguzi hatasikia tofauti. Sema kilichobadilika: "Alikuwa anajibu, sasa haitiki." Sentensi hiyo moja inatuinua kitini.

Kuhusu chai, muulize muuguzi kwanza. Aliyeumia au anayeumwa tumbo huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari akipewa dawa ya usingizi, maana chakula kinaweza kurudi na kuingia mapafuni. Huyo asipewe chochote, hata maji, mpaka daktari aseme. Mgonjwa wa sukari aliyechoma sindano ya insulini asubuhi na hajala ni kinyume chake: akianza kutetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka, na hilo halisubiri zamu. Tuite, tumpime kidoleni, na chai ya sukari tutampa sisi.