Maswali na majibu: pete ya kila siku na ugumu wa jiwe lake

Mchumba wangu anataka pete ya tanzanaiti, na ataivaa kila siku. Itadumu? (Msomaji, Moshi)

Itadumu ukubali mambo mawili: itachakaa, na inaweza kupasuka kwa pigo moja. Hayo ni mambo tofauti, na wanunuzi wengi huyachanganya.

Tuanze na kuchakaa. Mwaka 1812, Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, alipanga madini kumi kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi. Ulanga laini ulishika namba 1 na almasi ikashika 10. Namba ya kukumbuka ukinunua pete ni 7, kwa sababu hiyo ni ya kwatzi, madini yale yanayometameta mchangani. Chembe zake zimo kwenye vumbi lililotua juu ya meza yako sasa hivi. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7. Kwa hiyo kila unapolifuta jiwe likiwa kavu kwa upindo wa kanga, unalipiga msasa kidogo bila kujua.

Mwanzoni huoni kitu. Mama mmoja aliniletea pete yake baada ya kuivaa miaka minne, akilalamika kuwa jiwe "limezeeka", rangi imekufa. Nilipoliangalia kwa lenzi ya kukuza mara 10, rangi ilikuwa ileile. Kilichoharibika ni kingo za sehemu zilizochongwa: zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika, na juu kulijaa mikwaruzo myembamba iliyouzuia mwanga usiingie na kurudi vizuri. Tulilitoa, likachongwa upya upande wa juu, na likashuka kutoka karati 1.80 hadi 1.66. Liling'aa tena, lakini kazi hiyo huwezi kuirudia mara nyingi, maana kila mara jiwe linapungua na pete inabidi irekebishwe kulifuata.

Sasa kupasuka. Tanzanaiti ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi, kama ukuni unaofuata uzi wake. Ukiigonga kwenye ukingo wa sinki katika upande huo, inaachia. Namba ya Mohs haikwambii lolote kuhusu jambo hili. Tena jiwe hili halipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Ndiyo maana sonara anayeijua kazi yake hulitoa kwenye pete kabla ya kuchomelea kwa moto, hata kama ni kuongeza ukubwa wa pete tu. Muulize kabla hujamwachia.

Kama moyo umeshaangukia tanzanaiti, usiliweke jiwe juu ya kucha nne ndefu. Agiza lizungukwe na ukuta wa dhahabu unaokifunika kiuno chake, ule ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe mahali lilipo pana zaidi na unaomeguka kwanza, na jiwe likae chini, karibu na kidole. Avue pete anapofua, anapolima na anapokwenda mazoezini. Jiwe lilelile likiwa kwenye hereni au kidani halipati misukosuko hii, na mimi ndiko ningelipeleka.

Muuzaji alikwaruza kioo kwa jiwe mbele yangu, akasema huo ni ushahidi kwamba ni yakuti halisi. Nimwamini? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Kioo cha dirisha kina ugumu wa takriban 5.5. Kinakwaruzwa na tanzanaiti, na kwatzi ya bei ya chini, na hata zirkonia iliyotengenezwa kiwandani. Alichokuonyesha ni kwamba jiwe hilo ni gumu kuliko kioo, basi. Yakuti iliyotengenezwa maabara nayo ina ugumu wa 9 sawasawa na ile ya ardhini, kwa hiyo hata kipimo kikali zaidi cha kukwaruza kisingezitenganisha.

Na usikubali jiwe unalotaka kulinunua likwaruzwe kwenye kitu chochote. Ukingo uliochongwa ni mwembamba, na unaweza kumeguka papo hapo. Jiwe hutambuliwa kwa jinsi linavyopinda mwanga, kwa uzito wake ukilinganishwa na ukubwa, na kwa vilivyomo ndani yake. Hayo yote hupimwa bila kuliachia alama.

Niliambiwa almasi haikwaruziki. Mbona yangu imemeguka pembeni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Uliambiwa kweli, ila kukwaruzika si kumeguka. Almasi hukwaruzwa na almasi nyingine tu. Ngazi za Mohs hazina urefu sawa: kati ya yakuti yenye 9 na almasi yenye 10 pana pengo kubwa, kwani ukipima ugumu wenyewe kwa mashine, almasi huizidi yakuti takriban mara nne. Lakini almasi pia ina pande zake za kupasukia, nne, na wachongaji walizitumia tangu zamani kuigawa kwa pigo la patasi. Pigo lako la bahati mbaya lilifuata njia hiyohiyo.

Naamini jiwe lako ni la mraba au lina ncha, maana pembe ndizo huumia kwanza. Mwambie sonara azifunike kwa kucha zenye umbo la V. Na usiiweke pete hiyo pamoja na nyingine kwenye kisanduku kimoja bila kuitenga. Almasi itazikwaruza zote.

Mimi ni muuguzi, nanawa mikono mara nyingi kwa siku na sipendi kuvua pete. Nataka jiwe la rangi. Lipi? (Msomaji, Nairobi)

Yakuti, ama nyekundu ama samawi. Ina ugumu wa 9, haina upande wa kupasukia kirahisi kama wa tanzanaiti, na vumbi haliiwezi. Ukitaka kuuona ugumu wake, fikiria karatasi ya msasa dukani: chembe za nyingi kati ya hizo ni oksidi ya alumini, kemikali ileile inayoijenga yakuti. Samawi zinatoka pia bonde la Umba, Tanga, katika rangi nyingi mbali na bluu. Muulize tu muuzaji kama nyufa za jiwe zimejazwa kioo. Yakuti ya namna hiyo ni nafuu, lakini kile kioo huharibiwa na kemikali, na kazi yako ina kemikali nyingi.

Chaguo langu la pili ni spineli. Ina ugumu wa 8, haipasuki kirahisi, na zile za waridi iliyokolea za Mahenge ni nzuri mno. Ukipenda kijani, tsavoraiti ya Taita Taveta ina kati ya 7 na 7.5. Inalishinda vumbi kwa nafasi ndogo tu, ila haina upande dhaifu kama tanzanaiti, na kwa kawaida haichomwi moto wala kupakwa mafuta ili ipendeze.

Na zumaridi ya marehemu bibi? Ina 7.5 hadi 8, nadhani ni salama. (Msomaji, Tanga)

Kwa mikwaruzo, ndiyo. Tatizo ni nyufa zake za asili, ambazo karibu kila mara hujazwa mafuta ili zisionekane. Maji ya moto, na mashine ya kusafishia kwa mtetemo iliyoko kwa masonara, huyatoa mafuta hayo, na jiwe hutoka limejaa michirizi meupe au limepasuka kabisa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, na mwambie sonara wazi kwamba pete hii haiingii kwenye mashine.