Kahawa chungu haitoi pombe: ini lina mwendo wake

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana anayeendesha bodaboda pale stendi ya Kange. Ameniandikia hivi: "Shikamoo dada tabibu. Jumamosi huwa nakunywa bia sita hivi, kuanzia saa mbili usiku. Saa kumi na moja alfajiri naingia barabarani kuwahi abiria wa mabasi. Nikipiga kahawa chungu vikombe viwili na dafu moja, pombe si inakuwa imeshatoka?"

Marahaba. Haijatoka, na afadhali umeuliza, maana wenzako wengi hawaulizi.

Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli, ambayo ndiyo pombe yenyewe. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hizo ni kama gramu 20. Chupa sita ni gramu 120. Ini la mtu mzima wa kilo 70 huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi tuchukue 8. Toka saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa tisa, yaani gramu 72 zimeondoka. Zimebaki 48. Unapowasha pikipiki yako Kange, ndani ya mwili una pombe ya bia mbili na kitu, kama vile umezinywa palepale kijiweni. Utakuwa safi kwenye saa tano asubuhi, na hapo umeshapakia watu wangapi?

Najua mtaniambia kwamba mbona ukioga maji baridi unachangamka. Unachangamka kweli, na kahawa nayo itakufumbua macho. Ila hayo ni mambo ya ubongo, na kazi ya kuondoa pombe haiko kwenye ubongo. Kiasi kidogo tu hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho, hakizidi sehemu moja ya kumi. Iliyobaki, karibu yote, inasubiri ini.

Na kwa nini ini lisiongeze mwendo foleni ikiwa ndefu? Hapa ndipo watu wanapoachwa gizani, nami napenda kupaeleza taratibu.

Pombe huvunjwa kwa hatua mbili. Kwanza kimeng'enya kiitwacho alkoholi dehidrojenesi huigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi. Kisha kimeng'enya cha pili huigeuza asetaldehaidi kuwa asetati, kitu cha jamii ya siki, ambacho mwili unaweza kukichoma ili kupata nguvu na kubakiza maji na hewa ya ukaa. Katika kila hatua kuna hidrojeni inayovuliwa, nayo lazima ibebwe na kijimolekuli kinachoitwa NAD. Waliowahi kuvuka mto Pangani kwenda Bweni wataelewa haraka: NAD ni pantoni. Inapakia, inavuka, inashusha, halafu lazima irudi tupu ndipo ipakie tena. Ethanoli kidogo tu inatosha kuzijaza pantoni zote zilizopo. Baada ya hapo, yawe magari kumi ukingoni au mia, yanayovuka kwa saa ni yaleyale. Kunywa kahawa ukiwa kwenye foleni hakuifanyi pantoni iende mbio.

Kinachosubiri hapo katikati si kitu cha kuchezea. Asetaldehaidi ni kali kuliko pombe yenyewe. Hunata kwenye protini za seli na kwenye DNA, ikaziharibu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya pombe kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu tangu 1988, na asetaldehaidi ni moja ya sababu kubwa. Ukitaka kuijua tabia yake, mtazame mtu anayetumia disalfiramu, dawa ya kusaidia kuacha pombe, halafu akaonja kidogo. Dawa ile hufunga kimeng'enya cha pili, asetaldehaidi ikarundikana. Uso unamwiva, moyo unamwenda mbio, kichwa kinampasuka, anatapika. Mwenye vimeng'enya vizima haoni haya yote, kwa kuwa ini lake linaisafisha karibu kwa kasi ileile inayozaliwa.

Ndiyo maana mwili unaichukulia ethanoli kama sumu. Sukari ina ghala lake kwenye ini na misuli, na mafuta yana pa kukaa, wenyewe tunavijua vitambi vyetu. Pombe haina ghala. Ikiingia, ini linasimamisha shughuli nyingine mpaka imalizike. Hapo kwenye "shughuli nyingine" nina kisa changu.

Nilikuwa mgeni kazini, zamu ya usiku, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alfajiri ya Jumapili wakaletwa wavuvi wawili wamembeba wa tatu. Kijana mwembamba, jasho linamtiririka na ngozi baridi, anasema maneno yasiyoeleweka, ananuka mnazi toka mlangoni. Mwenzake akaniambia, "Amelewa tu dada, tangu jana mchana anapiga mnazi." Mkubwa wangu wa zamu akamtupia jicho moja: "Mweke pembeni alale, itamtoka."

Mimi nikauliza swali moja tu: amekula lini? Wakatazamana. Bahari ilikuwa chafu, kazi hakuna, pesa hakuna, chakula cha maana hajakiona tangu Ijumaa. Ule mnazi wenyewe alipewa na mgema kwa mkopo.

Nikachukua kipimo cha sukari. Mkubwa akacheka mbele ya manesi, akasema siku hizi wanafunzi wanawapima kisukari hata walevi. Nikamtoboa kidole. Milimoli 1.8 kwa lita. Kwa wasiojua, chini ya 3.9 sukari imeshuka, na chini ya 3.0 ni hatari. Kijana alikuwa anaelekea kwenye degedege, na pengine kwenye kifo, huku tunamwita mlevi.

Kilichotokea ni hiki. Mtu asipokula, ini humlisha kwa sukari iliyomo ghalani, ambayo huisha baada ya kama siku moja. Ikiisha, ini hutengeneza sukari mpya, na moja ya malighafi zake kubwa ni laktati inayotoka kwenye misuli. Lakini laktati nayo inahitaji NAD ili ianze safari ya kuwa sukari. Pantoni zote zimekamatwa na mnazi. Kwa hiyo ghala tupu, kiwanda kimesimama, na ubongo unategemea sukari kila dakika. Anaweza kuanguka hata kama hakunywa kingi, ilimradi tumbo limekaa tupu muda mrefu. Watoto ndio huanguka upesi zaidi, kwa sababu ghala lao ni dogo, kwa hiyo chupa zenye mabaki zisiachwe mezani.

Tukamchoma thiamini na glukosi ya mshipani. Haikupita muda akafumbua macho, akauliza ndala zake ziko wapi. Asubuhi kwenye makabidhiano, mkubwa wangu alikisimulia kisa kile kana kwamba kipimo alikiagiza yeye, na jina langu hakulitaja. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinanibana. Lakini kijana yule alitoka kwa miguu yake, na aliyemtoboa kidole namjua.

Sasa sikilizeni vizuri. Ulevi na sukari kushuka vinafanana: kupepesuka, kuropoka, ukali usio na sababu, usingizi mzito. Jasho la baridi na kutetemeka vikutie wasiwasi, ila hata visipokuwepo usijiaminishe. Kwa macho hutaweza kuvitofautisha. Tone la damu ndilo linalosema. Mlevi aliyeshinda njaa akianza kuchanganyikiwa, kama anameza vizuri mpe soda yenye sukari, kisha chakula. Kama hamezi, usimmiminie kitu mdomoni, utampalia. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali, na ukifika sema kwa sauti: mpimeni sukari. Wakikucheka, rudia: mpimeni sukari. Na nyinyi mnaoanza kunywa saa nne asubuhi tumbo halina hata kipande cha muhogo, huu ujumbe ni wenu kabla ya kuwa wa bodaboda.

Kuna wanaonijibu, "Wewe hata hunywi, utajuaje? Sisi tumezoea." Mazoea yenyewe niwaeleze. Mnywaji wa kila siku huamsha njia ya pili kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, na kweli pombe yake huondoka haraka kidogo. Bei yake ni kwamba njia hiyo humwaga kemikali chafu zinazojeruhi seli za ini lenyewe. Tena njia hiyohiyo ndiyo inayogeuza sehemu ya paracetamol kuwa sumu. Ini zima huizima sumu hiyo kwa glutathioni, lakini mnywaji sugu asiyekula vizuri anayo kidogo. Kwa hiyo zile Panadol mnazobugia mbili mbili asubuhi ya mning'inio, kisha mbili tena, kisha mbili tena, kwa mtu wa namna hiyo si dawa ndogo. Ongea na tabibu kwanza kuhusu kiasi. Mengi ya mnayoyaita kuzoea ni ubongo umezoea kutosikia. Ini halijazoea kitu.

Na kuna mafuta. Pantoni zikiwa zimejaa hidrojeni ya pombe, ini haliwezi kuchoma mafuta kama kawaida, linayaweka ndani ya seli zake. Hali hii haiumi. Mtu anatembea Raskazone jioni, anacheka, ini limejaa mafuta. Habari njema ni kwamba katika hatua hii, ukiacha pombe, mafuta hupungua ndani ya wiki chache tu. Likishajaa makovu, yaani sirosisi, makovu hayo kwa sehemu kubwa hayarudi nyuma, na tunachopigania ni yasiongezeke. Tumbo kujaa maji, macho kuwa manjano na kutapika damu ni dalili za mtu aliyechelewa.

Kwa hiyo usisubiri dalili. Omba ultrasaundi ya tumbo na kipimo cha damu cha vimeng'enya vya ini, AST na ALT. Kwa ini lililoumizwa na pombe, mara nyingi AST huwa juu ya ALT, hata mara mbili yake. Lakini vimeng'enya vinaweza kusoma vizuri na ini likawa bovu, kwa hiyo anayekupima anahitaji pia hesabu yako ya kweli. Mwambie chupa ngapi, za ukubwa gani, siku ngapi kwa wiki, na kama huwa unakula kabla. Ukimwambia "kidogo tu, za kuchangamsha", atasoma majibu yako akidhani ni ya mtu mwingine.