Ganzi ya ghafla ya mkono na uso: kiharusi, kipandauso au neva iliyobanwa?

*"Wakuu, jana jioni mke wangu (miaka 38) alipata ganzi ya ghafla mkono wa kushoto na upande wa kushoto wa uso. Ilidumu kama nusu saa ikaisha yenyewe. Dada yake anasema ni neva imebanwa shingoni kwa sababu ya kubeba mizigo, jirani anasema ni kipandauso, mimi nahofia kiharusi. Nitofautisheje, na kuna haja ya hospitali wakati sasa yuko sawa?"*

Kaka, mpeleke shemeji hospitali leo hii, na uchague hospitali yenye mashine ya CT badala ya kuanzia zahanati ya mtaani. Ganzi iliyokwisha yenyewe inaweza kuwa kiharusi cha mpito, yaani damu ilizuiwa kufika sehemu ya ubongo kisha ikafunguka, na hatari ya kiharusi kamili kufuata huwa kubwa zaidi katika siku 2 za mwanzo. Nimekuwa tabibu katika chumba cha dharura cha hospitali ya mkoa huku pwani kwa miaka mingi, na mwenyewe ni mgonjwa wa kipandauso tangu ujana, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyaona kwa wagonjwa na baadhi yamepita mwilini mwangu.

Nianze na hoja ya shingo, kwa kuwa ndiyo rahisi kuijibu. Neva zinazoleta hisia za mkono hutoka katika uti wa mgongo, sehemu ya chini ya shingo, zikapita begani na kwapani hadi vidoleni. Neva inayoleta hisia za shavu, midomo na ulimi haipiti huko hata kidogo. Hutoka katika shina la ubongo, ndani ya fuvu. Hakuna mahali shingoni ambapo mzigo, mto mbaya au pingili iliyochakaa inaweza kuzibana zote mbili kwa pamoja. Kuelekea usoni, neva za juu ya shingo huishia kwenye pembe ya taya na karibu na sikio, kwa hiyo mwenye tatizo la shingo anaweza kuhisi ganzi huko, lakini si kwenye mdomo. Mkono na mdomo hukutana ndani ya ubongo, ambako eneo linalopokea hisia za vidole limepakana na lile la midomo, kiasi kwamba dosari ndogo tu huyagusa yote mawili. Kwa sababu hiyo mtu akiniambia mkono na kona ya mdomo vimekufa ganzi kwa wakati mmoja na kwa upande mmoja, mimi huacha kuifikiria shingo na kuanza kuufikiria ubongo.

Neva iliyobanwa ina tabia zake, na ukiijua hutaichanganya kirahisi. Inayobanwa kwenye kifundo cha mkono hugusa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Humwamsha mtu usiku, naye akiukung'uta mkono hupata nafuu. Inayobanwa kwenye kiwiko hugusa kidole cha mwisho na ile nusu nyingine ya kidole cha pete. Mimi huchukua kijiti kilichovunjika, nikamwomba mgonjwa afumbe macho, kisha nikagusa ubavu mmoja wa kidole cha pete na baadaye ubavu wa pili. Akisema upande mmoja anahisi vizuri na mwingine una ganzi, mara nyingi tatizo liko mkononi, kwa maana ubongo kwa kawaida haukigawi kidole kimoja katikati.

Nikueleze kisa kimoja kilichonifundisha kutoridhika na historia ya zamani. Mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa amevuka miaka 50, alikuwa na neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia kwa muda mrefu, na watu wa nyumbani kwake waliizoea ganzi yake ya usiku. Asubuhi moja alipokuwa akinywa chai, kikombe kilimteleza, na chai aliyokuwa nayo mdomoni ikamchuruzika kwenye kona ya kulia bila yeye kuhisi. Wanawe walisema ni ile ile ya siku zote, wakamchua mkono kwa mafuta, na wakamleta kwetu jua likiwa limeshapanda sana. Nguvu za mikono yote miwili zilikuwa sawa, alizungumza vizuri, na uso haukuwa umepinda, ila presha ilikuwa juu sana. Nilipomgusa kwa pamba, vidole vyote vitano vya kulia vilikuwa na ganzi, kikiwemo kidole cha mwisho ambacho ugonjwa wake wa zamani haukukigusa kamwe. Ganzi ikaendelea kwenye mdomo wa juu na wa chini, na ikakoma katikati kabisa ya uso. Kuukung'uta mkono hakukumsaidia chochote.

Picha ya CT ilitoka safi. Hapo ndipo familia nyingi hufungasha na kurudi nyumbani. CT ya saa za mwanzo ina kazi kubwa moja, nayo ni kuonyesha kama damu imevuja ndani ya ubongo. Kiharusi kidogo cha kuziba kwa mshipa wa damu mara nyingi hakionekani humo siku hiyo. Tulimlaza, tukampa aspirini baada ya kuhakikisha hakuna damu iliyovuja, na picha ya MRI aliyopigwa baadaye ikaonyesha kidonda kidogo katika thalamasi ya kushoto, kile kituo cha katikati ya ubongo ambacho hisia zote za mwili hupitia. Ganzi ilipungua, lakini baada ya miezi kadhaa mkono ule ule ulianza kuwaka moto hata ukiguswa na upande wa kanga. Hayo ni maumivu yanayojulikana baada ya kiharusi cha sehemu hiyo, na dawa zake si zile za kawaida za maumivu.

Sasa kipandauso, ambacho kwa umri wa shemeji kinawezekana kabisa. Baadhi yetu, kabla ya kichwa kuuma, hupata dalili za utangulizi ambazo matabibu huziita aura. Chanzo chake ni wimbi linalotambaa juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika, na mwendo huo wa taratibu ndio unaokipambanua na kiharusi. Kwangu huanza na mng'aro wa mistari iliyokunjamana pembeni mwa macho, na herufi za katikati ya neno zinapotea nikisoma. Mng'aro ukianza kufifia, ncha za vidole vya kushoto huanza kuchomachoma, kisha mchomo huo hupanda mkononi kidogo kidogo kama mafuta yanavyosambaa kwenye karatasi, ukiacha ganzi nyuma yake. Baada ya robo saa hivi huruka bega na kifua, ukatokea mdomoni na kwenye nusu ya ulimi, na wakati huo vidole vimeshaanza kurudi. Kila dalili moja hudumu kati ya dakika 5 na 60, na kichwa hufuata, ingawa wapo wasioumwa kichwa kabisa.

Kwa hiyo muulize shemeji maswali yenye jibu la wazi: ganzi ilianzia wapi, na mdomo uliguswa dakika ngapi baada ya vidole? Alipatwa na mchomo na mng'aro, yaani kitu kilichoongezeka, au hisia zilitoweka tu? Kiharusi kwa kawaida huja chote kwa mara moja, kikachukua kilichopo bila kuleta mng'aro wala mchomo mkubwa. Kama ganzi ilikimbia kutoka kidole hadi usoni kwa sekunde chache, daktari atafikiria pia kifafa cha sehemu ndogo ya ubongo.

Hata hivyo usitumie majibu hayo kumbakiza nyumbani. Aura ya mara ya kwanza katika maisha haipewi jina hilo mpaka mengine yameondolewa, na mtu ambaye hajawahi kuipata akaanza baada ya miaka 40 ninamtilia shaka zaidi. Ikizidi saa 1, au mkono ukilegea na kuangusha vitu badala ya kufa ganzi tu, ichukuliwe kuwa kiharusi. Kuumwa kichwa nako si uthibitisho wa kipandauso, kwani viharusi vingine huja na maumivu ya kichwa. Na kwa kuwa dada yake ametaja mizigo, muulizeni kama ana maumivu mapya ya shingo ya upande mmoja. Kwa watu wa umri wake, ukuta wa mshipa mkubwa wa damu shingoni unaweza kuchanika ndani baada ya kunyanyua kitu kizito au kugeuza shingo kwa nguvu, damu ikaganda hapo na kupeleka bonge kwenye ubongo. Akiwa na maumivu hayo, hasa kama kope la upande unaouma limeshuka na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko nyenzake, mwambieni daktari waziwazi, maana hilo huhitaji picha ya mishipa ya damu, na CT ya kawaida ya kichwa haitoshi.

Ikirudi kabla hamjafika, tazama saa na uandike muda ambao alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu muda huo, na aliyeamka nayo huhesabiwa tangu alipolala akiwa mzima. Usimpe aspirini kabla ya CT, kwa sababu kama ni damu iliyovuja utaiongeza. Usimpe vidonge vya presha vya mtu mwingine, wala usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi. Presha ikishushwa ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kwa shida huikosa kabisa. Usimlishe wala kumnywesha kama mdomo hausikii vizuri. Mkifika, sisitiza apimwe sukari kwa kuchomwa kidole mara moja, kwani sukari iliyoshuka huiga kiharusi, na hutibika papo hapo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wanaume husahau kulitaja mbele ya daktari. Kama shemeji anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, nendeni na pakiti yake. Vile vyenye estrojeni havimfai mwanamke mwenye kipandauso cha aura, kwa kuwa viwili hivyo kwa pamoja huongeza hatari ya kiharusi, na akivuta sigara huongezeka zaidi. Kwa hiyo hata ikithibitika kuwa jirani alikuwa sahihi na ni kipandauso, itabidi abadilishiwe njia. Vidonge visivyo na estrojeni, kipandikizi na kitanzi vyote vinapatikana katika kliniki za uzazi wa mpango.