Mtoto anageuza shingo akisoma ubaoni

"Mwanangu wa darasa la pili hapa Uyole macho yanachezacheza tangu uchanga. Akisoma ubaoni anageuza uso kulia, mwalimu anamnyoosha. Miwani itamsaidia?"

Dada, kwanza mwombe mwalimu aache kumnyoosha. Wengi wenye nistagmasi, yaani macho kuchezacheza hivyo, wana upande ambao macho hutulia zaidi. Uso ukienda kulia macho yanatazama kushoto, na hapo ndipo wako anapozipata herufi. Akalishwe mbele, upande wa kulia wa darasa, ubao uwe kushoto kwake, shingo itapumzika.

Miwani haizuii macho kucheza, ila kama haoni vizuri mbali au karibu itamsaidia kweli. Akipimwa kliniki ya macho, aachwe ageuze kichwa anavyotaka, na asomeshwe pia macho yote mawili yakiwa wazi. Kwa watoto wengi, ukiziba jicho moja mtikisiko unazidi na anaonekana haoni kuliko hali halisi. Fremu iwe pana, maana anachungulia pembeni mwa kioo. Lenzi za kuvaa jichoni hapo zina faida, zinakwenda na jicho lenyewe, lakini zinataka mikono safi kila siku. Kwa umri wake ningeanza na miwani.