Mama anaposema "saa" na hataki saa

Jioni moja, wiki ya nne tangu atoke hospitali, Mama alinishika mkono akasema, "Saa." Nikamwambia ni saa kumi na mbili na nusu. Akatikisa kichwa. "Saa. Saa!" Nikamletea saa yake ya mkononi, akaisukuma. Mdogo wangu akadhani anaulizia dawa za usiku. Shangazi akadhani anataka kujua wageni watafika lini. Tulikuwa watatu tumemzunguka, kila mmoja na swali lake, na redio nayo inaongea. Mama akafumba macho, machozi yakamtoka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alichokuwa anakitaka nilikijua kesho yake. Namna nilivyokijua ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu najua kuna mtu anayesoma hapa akiwa na "saa" yake nyumbani.

Kiharusi kilimpiga Mama upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakofanyiwa kazi. Hali iliyomwachia inaitwa afasia. Mtu mwenye afasia anajua anachotaka kusema, ila akilifuata neno halipati, au anarudi na neno jingine la karibu: anasema "kijiko" akimaanisha uma, "kaka" akimaanisha dada. Akili yake haijarudi utotoni. Mwaka 1861 daktari wa Paris, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka karibu neno moja tu, "tan", huku akielewa mengi aliyoambiwa. Mama naye alikuwa hivyo, anaelewa kuliko anavyosema. Lakini hata uelewa wake ulikuwa na mpaka. Sentensi ndefu ilimpotea katikati, na watu wawili wakizungumza kwa pamoja hakushika hata mmoja. Kuna wagonjwa ambao uelewa ndio ulioumia zaidi, wanaongea kwa mfululizo maneno yasiyoshikana. Hao wanahitaji picha na ishara zaidi ya haya nitakayoyasema.

Kesho yake asubuhi, akiwa amepumzika, nilizima redio na kuwaomba wengine watupishe. Nilikaa mbele yake, uso wangu ukiwa sawa na wake. Nilikuwa na daftari na kalamu nene ya wino mweusi. Nikamwambia, "Mama, jana ulitaka kuniambia jambo. Sikulielewa. Najua unalijua." Hiyo sentensi ya mwisho naiona ni muhimu kuliko mbinu zote. Alinitazama, mabega yakashuka.

Nikaandika maneno matatu kwa herufi kubwa, moja chini ya jingine: MTU, KITU, MAHALI. Nikayasoma polepole huku kidole kikipita kwenye kila neno. Kisha nikanyamaza. Akaweka kidole kwenye MTU. Jana yake sote tulikuwa tumekimbilia vitu, kwa sababu tulilifuata neno lenyewe.

Nikauliza, "Mtu huyo anakaa humu ndani?" Akatikisa kichwa. "Anakaa mbali?" Akaitikia. Nikafungua albamu ya picha za familia na kumwachia aipekue mwenyewe. Kwenye picha ya mdogo wake, Mama Mdogo, akagonga mara mbili. Nikaandika jina lake daftarini, na chini yake mistari miwili: AJE, na KUONGEA NAYE. Akagusa wa pili. "Umpigie simu?" Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Ee, saa!" na akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Simu na saa zimekaa jirani kichwani mwake: vyote ni vifaa vidogo, vyote hulia, vyote vyaanza kwa sauti ileile.

Sikuinuka bado. Nilimrudishia: "Unataka tumpigie Mama Mdogo simu. Ndiyo?" Akaitikia. Kisha nikauliza kinyume chake, "Unataka tumwandikie ujumbe?" Akakataa kwa kichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumeelewana, maana kuitikia peke yake hakutoshi.

Hili la kuitikia lilitugharimu sana. Mwanzoni tuliamini kwamba "ndiyo" yake ni ndiyo. Kumbe mtu mwenye afasia huweza kutamka "ndiyo" ilhali anataka kusema "hapana", na hata yeye mwenyewe akashtuka akijisikia. Mama alikuwa akisema "nataka" huku mkono unakisukuma kikombe. Kwa kukosa kujua, tulimnywesha asichotaka. Siku hizi neno na mwili vikipingana namwamini mkono, na uso pia, kisha nahakikisha kwa daftari: NDIYO juu, HAPANA chini, aguse.

Halafu kuna mtego tuliouweka sisi wenyewe, nao umo ndani ya Kiswahili chetu. Tunapenda kuuliza kwa kukanusha: "Hujashiba?" "Husikii baridi?" Mtu mzima wa afya akijibu "ndiyo", anamaanisha ndiyo, sijashiba; mwingine anajibu "ndiyo" akimaanisha ameshiba, naye anaongeza neno la kufafanua. Mama hana neno la kuongeza. Jibu lake linabaki linaning'inia na kila mtu analitafsiri anavyopenda. Nikaomba nyumba nzima tuache maswali ya namna hiyo. Unasikia baridi? Umeshiba? Swali moja, jambo moja, bila "au" tatu ndani yake.

Ukimpa achague kati ya mawili, angalia kama hachagui la mwisho kila mara. Mama alikuwa hivyo alipochoka: "Kulala au kukaa?" anagusa kukaa, "Kukaa au kulala?" anagusa kulala. La mwisho ndilo lililobaki sikioni. Kugeuza mpangilio na kuuliza tena huonyesha ukweli. Na chaguo ziandikwe juu na chini, zisipangwe kulia na kushoto. Kiharusi cha upande wa kushoto huweza kupunguza uoni wa upande wa kulia, na neno lililowekwa huko mgonjwa asilione kabisa. Wapo pia ambao kusoma kumeharibika pamoja na kusema. Kwao tumia picha au mchoro, au onyesha kitu chenyewe.

Sasa kusubiri. Watu husema "uwe na subira" kana kwamba hilo linajieleza. Mimi ilinibidi niipime. Baada ya kuuliza nahesabu kimoyomoyo hadi kumi, taratibu, macho yangu kwake lakini si ya kumkazia. Mara ya kwanza kumi ilikuwa ndefu kama adhabu. Nilifika nne mdomo wangu umeshafunguka. Kosa la kurudia swali kwa maneno mengine kabla hajamaliza la kwanza ni kubwa, kwani anaanza upya kutoka mwanzo, na sasa ana maswali mawili. Kama macho yake yanatafuta, midomo inajaribu umbo, vidole vinachora hewani, bado yuko kazini, mwache. Akikutazama wewe moja kwa moja na kushusha mkono, hapo anaomba msaada. Hata hivyo naulizia: "Nikusaidie?" Kuna siku alikataa, akapambana karibu dakika nzima, akalitoa neno "dirisha". Ningemkatizia, ningemnyang'anya.

Msaada wenyewe una namna. Nilisikia kwamba unamwanzishia neno kwa silabi ya kwanza, nikajaribu: "Ki..." Akaniangalia tu. Nikaelewa baadaye: kwetu "ki" ni mwanzo wa kiti, kitabu, kikombe, kisu na kitambaa. Haimpeleki popote. Kilichofanya kazi ni kumpa sentensi ikose mwisho, "Nimechoka kusimama, nipe..." naye akamalizia, "Kiti." Au nampa silabi mbili, "kita..." Pia naacha aeleze kwa kuzunguka: kinafanya nini, kinakaa wapi, au anionyeshe kwa mkono. Akionyesha kwa mkono ameshasema. Simwambii "sasa litamke", na akitamka vibaya lakini nikaelewa, simsahihishi. Nalirudia neno sahihi ndani ya jibu langu na mazungumzo yanaendelea.

Kuna wakati neno linanasa. Umemuuliza kuhusu maji, kajibu "maji". Ukimuuliza kuhusu blanketi, "maji". Ukimuuliza kuhusu mjukuu, "maji", naye anajisikia na anakasirika. Kumsukuma hapo ni kulikaza zaidi. Tunaacha, tunakaa kimya dakika chache, tunatazama nje, tunaanza na jambo jingine. Usishangae pia kwamba mtu huyohuyo asiyeweza kusema "maji" anahesabu moja hadi kumi bila kukwama, au anaimba ubeti mzima, au anatoa tusi lililo wazi. Maneno yaliyozoeleka kwa mfululizo hupita njia nyingine. Ndugu mmoja alipomsikia akiimba alisema anajifanya tu. Iliniuma sana, na nilimweleza hapohapo.

Ukishindwa kuelewa, usiitikie "aa, sawa, sawa". Mama alilijua hilo kwa haraka kuliko nilivyofikiri, na kila "sawa" ya uongo ilimfanya asijaribu tena siku nzima. Sema: "Sijaelewa. Tupumzike, nitarudi baada ya chakula." Kisha urudi kweli. Mimi naandika daftarini "TUTARUDI" mbele yake, ili aone kwamba jambo lake halijatupwa.

Kama mnaweza kumpata mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi, mpelekeni mapema. Nafuu kubwa mara nyingi huja miezi ya mwanzo, ingawa wengi huendelea kupata maneno hata baada ya miaka. Mtaalamu ndiye atakayetofautisha afasia na ulimi mzito, ambapo maneno yapo yote ila misuli haiyatoi vizuri. Ushauri wa hali hiyo ni mwingine. Na jambo moja halisubiri subira yoyote: mtu aliyekuwa anasema maneno kadhaa akinyamaza ghafla, au uso ukipinda, au mkono ukilegea upya, huo huweza kuwa ni kiharusi kingine. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu atoke hospitali. Juzi Mama alinishika mkono akasema, "Saa." Nikahesabu. Nilipofika sita akatikisa kichwa mwenyewe, akasema, "Siyo," akanyoosha mkono kulichukua daftari.