Kutoka PSSSF kwenda NSSF

"Nimefundisha shule ya serikali miaka 9, sasa nahamia ya binafsi. Pesa yangu ya PSSSF ndiyo imekwenda?"

Haijakwenda, mwalimu. Inabaki PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, na shule mpya itakuandikisha NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Anayekuambia kwamba unaanza upya ana nusu ya ukweli: mfuko ni mpya, lakini miezi yako inahesabika. Pensheni inadai miezi 180. Wewe una 108. Ukichangia NSSF miaka 7 unaongeza 84, jumla 192. Kila mfuko peke yake usingekufikisha, ila vipindi vikijumlishwa unastahili, na kila mfuko unalipa sehemu yake.

Usitegemee fao la kukosa ajira, maana anayeacha kazi kwa hiari halipati.

Ninachokuhofia ni makato. Serikalini ulikatwa asilimia 5 na mwajiri akaweka 15; huko binafsi kwa kawaida ni 10 kwa 10, kwa hiyo mkononi utaona pungufu. Mimi nilikatwa miezi minane bila shule kupeleka kitu. Omba taarifa ya michango NSSF kila baada ya miezi michache, na salari slipu usitupe hata moja.