Vazi la karate la binti: upande upi unalala juu?

"Fundi, binti yangu wa miaka 11 ameanza karate. Fundi wa hapa mtaani kwetu Temeke kamshonea vazi, akasema kwa mtoto wa kike upande wa kulia ndio unalala juu. Mwalimu kamrudisha akabadilishe. Nani mkweli?"

Mwalimu, mama. Kushoto kwa anayevaa hulala juu ya kulia, awe mvulana au msichana. Fundi wako amechukua kanuni ya vifungo akaibandika kwenye vazi la mkanda, na kazi za namna hiyo naletewa kila mara hapa Kariakoo nizirekebishe. Blauzi ya kike hufungwa kulia juu, shati la kiume kushoto juu. Ndiyo maana mavazi ya wavulana hayakosewi, ya mabinti ndiyo yanarudi. Lakini vazi la karate asili yake ni kimono, na huko Japani mke na mume hufunga sawa. Mwaka 719 dola yao iliamuru watu wote wafunge kushoto juu. Kulia juu huvishwa maiti. Kwa hiyo mwalimu hakumwonea mtoto.

Usikubali kuambiwa akaze mkanda tu, wala alivae ndani nje. Hata ndani nje, kamba zitaulaza upande wa kulia juu vilevile, tena mishono itakuwa nje na nembo ya kifuani itafichwa.

Tandaza vazi utazame kamba. Upande wa kulia wa mbele, unaolala chini, kamba yake hufungwa kwa ndani, kwenye mshono wa ubavu wa kushoto. Upande wa kushoto hufungwa kwa nje, kwenye ubavu wa kulia. La binti yako litakuwa kinyume: kamba ya ubavu wa kushoto iko nje, ya kulia iko ndani. Pande mbili za mbele zikiwa na upana sawa, fumua kamba hizo mbili za ubavuni tu, ya kushoto iingie ndani, ya kulia itoke nje. Ila kama fundi alibana kitambaa akaupunguza ule wa chini, kamba hazitasaidia. Upande huo ukatwe upya.

Kinachoniudhi zaidi ni mafundi wanaonakili picha ya simu. Picha ya kujipiga mwenyewe mara nyingi hutoka imegeuzwa kama kioo, nao wanakata kitambaa cha mtu kwa kuifuata hiyo. Wengine wanamwambia mteja wa gauni la kitenge la kufunga kwamba upande fulani ni lazima, wakati gauni hilo halina sheria hiyo. Kimono na mavazi ya karate na judo ndiyo yanayo.

Kabla hujalipa, mtoto alivae asimame akutazame. Kola mbili zikikutana kifuani zichore herufi y ndogo, mkia wake ukishuka kuelekea nyonga yake ya kulia. Na mkono wake wa kulia uingie kifuani bila kuinua kitambaa.